Mrudishieni "Eti" Yake

Kuna usafi wa uhariri ambao ni wizi. Mtu anarekodi mazungumzo ya saa nzima, anayanakili neno kwa neno, kisha anakaa kuyageuza makala. Akimaliza, mchuuzi wa dagaa wa Mwaloni, Kirumba, na mhadhiri wa chuo wote wanaongea kama taarifa ya wizara: "aidha", "kutokana na hali hiyo", "changamoto mbalimbali". Tunaambiwa hiyo ndiyo kazi nzuri. Mimi nakataa.

Sitetei nakala ghafi. Hakuna msomaji anayestahili kuvuka "yaani" 90 na "unajua" 60 ili afikie hoja moja. Hizo futa. Sentensi iliyoanzwa mara tatu, acha ile iliyokamilika. Msimulizi wa Kanda ya Ziwa akibadilisha l na r, andika kwa tahajia sanifu, maana kuandika "kura" pale aliposema "kula" ni kumcheka tu. Ugomvi wangu unaanzia pale kalamu inapovuka kelele na kugusa ushahidi.

Chukua mfano niliotunga, wa mama anayeanika dagaa mchangani kisiwani Ukerewe. Nakala inasomeka hivi:

"Sasa pale, unajua, mvua ikanyesha. Wale wanunuzi wakasema eti dagaa wameharibika, wakashusha bei. Mimi sikuwaona wakikagua. Nasikia mjini waliuza bei ileile. Tukachukua hivyohivyo, ungefanyaje?"

Mhariri msafi anatuletea hii: "Kutokana na mvua, dagaa waliharibika na bei ikashushwa, hali iliyosababisha changamoto kwa wanawake wachakataji."

Sarufi haina kosa. Lakini mama hakusema dagaa waliharibika. Alisema wanunuzi walidai hivyo, na kwa "eti" moja akatuambia kwamba hawaamini. "Wakashusha" imekuwa "ikashushwa", na aliyeshusha ametoroka kupitia herufi moja ya kauli ya kutendwa. Uvumi wa mjini, ambao ndio mzizi wa lalamiko lake, umetupwa. Sasa mvua ndiyo yenye hatia.

Kazi ifanywe hivi. Kabla ya kuhariri, pitia nakala huku ukisikiliza sauti, maana kicheko na kimya haviandikiki vyenyewe. Kando ya kila dai weka alama moja kati ya tatu: ameona, amesikia, anadhani. Kisha andika: "Mvua ilinyesha dagaa wakiwa mchangani. Wanunuzi wakadai wameharibika, wakashusha bei; yeye hakuwaona wakikagua. Anasema alisikia kwamba mjini waliuza kwa bei ileile. 'Tukachukua hivyohivyo,' anasema. 'Ungefanyaje?'" Inasomeka vizuri, na kila mtu amebaki na tendo lake.

Halafu kuna mpangilio. Mazungumzo huzunguka, makala lazima yawe na njia, kwa hiyo kuhamisha aya ni haki ya mhariri. Hapo Kiswahili kina mtego wake: -ka-. Kitenzi chenye -ka- huegemea kilichotajwa kabla yake. Tuseme dakika ya 9 mama anasimulia jinsi mumewe alivyougua, "akaacha uvuvi". Dakika ya 31, akiwa kwenye habari nyingine kabisa, anasema "tukauza mtumbwi". Zibandike pamoja: "akaacha uvuvi, tukauza mtumbwi". Umeshatunga historia. Msomaji ataamini ugonjwa ndio ulioondoa mtumbwi, kumbe labda uliuzwa miaka 5 kabla ili kulipa ada. Ukihamisha sentensi ya -ka-, rudi kwenye sauti uone iliegemea nini, kisha taja wakati waziwazi: "Mtumbwi walikuwa wameuza miaka 5 kabla ya hapo." Na kamwe usiunganishe dakika ya 9 na ya 31 ndani ya alama za kunukuu zilezile, hata kama maneno yote ni yake.

Wapo watakaosema msomaji anataka mtiririko, na "nasikia" zinaudhoofisha. Waende Mwanza wakarekodi kumbukumbu za MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996. Meli ilipinduka, ikaelea tumbo juu, ikatobolewa, ikazama. Mtu aliyekuwa ndani ya boti la waokoaji na mtu aliyesimuliwa msibani wanaweza kueleza saa zile kwa uchungu uleule. Makala yakiondoa "nasikia" ya wa pili, anakuwa shahidi wa jambo ambalo hakuliona, na atakapoulizwa, atakayeitwa mwongo ni yeye. Mhariri hatakuwepo.

Mtiririko unapatikana kwa kukata na kupanga. Ukiona makala yako hayateremki mpaka "eti" itoke, basi kilichokukwama kooni ni alichosema msimulizi.