Picha Haionekani Vizuri, Mkulima Anasubiri: Uliza Swali Moja, Kisha Jibu

Leo naanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu naamini wengi wetu tunalifanya: sisi maafisa ugani, ninyi wenye maduka ya pembejeo, hata wewe mkulima ambaye majirani hukutumia picha wakitaka ushauri.

Msimu mmoja wa kiangazi mama mmoja anayelima nyanya kwa maji ya mfereji alinitumia picha saa saba mchana. Aliandika hivi: "Bwana shamba, naomba msaada, nyanya zangu zinakufa." Picha ilipigwa kwa mbali na jua lilikuwa mbele ya simu, kwa hiyo mmea ulionekana kama kivuli. Nilichoweza kuona ni kwamba mmea mmoja ulikuwa umelala, na ile ya pembeni yake ilikuwa imesimama.

Nikamjibu kwa maswali. Mbegu gani? Ulipanda lini? Uliweka mbolea gani, na kiasi gani? Umepiga dawa gani mpaka sasa? Unamwagilia mara ngapi kwa wiki? Msimu uliopita ulipanda nini hapo? Eneo ni ukubwa gani? Halafu nikamalizia: naomba picha nyingine, hii haionekani.

Alijibu mawili, kisha akanyamaza. Nikadhani amepata nafuu. Kumbe alikwenda na picha ileile hadi duka la pembejeo. Muuzaji aliitazama kidogo, akasema ni ukungu, akamuuzia dawa ya ukungu. Mama akapiga, baada ya siku chache akarudia. Maji ya mfereji yakaendelea kupita tuta kwa tuta, na nilipofika shambani mstari mzima ulikuwa umelala. Ulikuwa mnyauko bakteria. Dawa ya ukungu haiugusi ugonjwa huo hata kidogo.

Nimelifikiria sana jambo hili. Muuzaji alikosea kwa kujibu bila kuuliza. Lakini mimi, niliyeuliza maswali manane, nilikosea zaidi, kwa sababu ni mimi niliyemsukuma aende dukani.

Jiweke katika nafasi yake. Amesimama shambani juani, simu ina chaji kidogo, pengine ni ya mwanawe. Tarehe ya kupanda ameiandika kwenye daftari lililoko nyumbani. Jina la dawa liko kwenye chupa aliyoitupa. Kila swali langu ni safari au gharama kwake. Tena swali kama "umepiga dawa gani mpaka sasa?" linasikika kama lawama, hata kama hukukusudia. Na baada ya kuulizwa yote hayo, hana cha kufanya mchana ule. Alikuja na shida moja, nikamrudishia kazi nane.

La kuuma zaidi ni kwamba majibu mengi niliyoyataka yasingebadili ushauri wangu. Nikijua aina ya mbegu, ningemwambia nini tofauti siku ile? Nikijua ukubwa wa eneo? Hakuna. Nilikuwa najaza fomu kichwani mwangu.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Picha isipoonekana vizuri, anza na kile unachokiona, hata kama ni kidogo. Taja mambo mawili yanayoweza kuwa chanzo, na useme unaegemea lipi na kwa nini. Kisha uliza swali moja tu, lile ambalo jibu lake litabadili hatua ya mkulima. Mwisho mpe jambo la kufanya leo ambalo halitamdhuru, liwe jibu ni hili au lile.

Tulipime hilo kwa picha ya yule mama. Mmea umelala, jirani zake wamesimama, na wote wanakunywa maji ya mfereji mmoja. Hata picha mbovu ilinionyesha hayo. Kiu kwa kawaida hulaza mimea mingi ya eneo moja kwa pamoja. Mmea mmoja ukilala katikati ya wazima, fikiria kwanza kwamba kuna kitu kwenye mizizi au ndani ya shina. Hapo tayari ningeweza kuegemea ugonjwa kuliko kiu.

Swali moja la kuuliza lingekuwa: "Mama, majani ya mmea uliolala bado ni ya kijani, au yalianza kuwa ya njano kutokea chini?" Hili analijibu akiwa amesimama palepale, bila kwenda nyumbani. Na jibu lina uzito. Mnyauko bakteria hulaza mmea ghafla, majani yakiwa bado ya kijani. Mnyauko fuzari, unaoletwa na ukungu wa udongoni, huenda polepole. Majani ya chini huwa ya njano kwanza, mara nyingi upande mmoja wa mmea.

Akisema ni ya kijani, namwambia afanye kipimo cha glasi. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, urefu wa kidole. Kishike au ukining'inize ndani ya glasi inayopitisha mwanga, yenye maji safi, ncha ya chini ikiwa ndani ya maji. Usiyatikise maji. Ngoja dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye shina, huo ni uchafu wa bakteria, na jibu umelipata. Usipoona kitu, pasua shina kwa urefu. Rangi ya kahawia ndani ya shina bila uzi mweupe inaelekeza kwenye fuzari. Ng'oa pia mmea utazame mizizi. Ikiwa na vinundu vinundu, basi minyoo fundo imo.

Kuna watu husema, angalia asubuhi, mmea ukiwa umesimama ni kiu tu. Kwa siku za mwanzo usikitegemee kipimo hicho, kwa maana mmea wenye mnyauko bakteria unaweza kusimama tena usiku na kulala mchana kabla haujafa kabisa. Glasi inakupa uhakika zaidi.

Na jambo la kufanya leo, kabla hata glasi haijajibu? Usinunue dawa. Zuia maji yasipite kwenye mmea ule kwenda kwa mingine, kwa sababu bakteria hawa husafiri na maji na udongo. Jembe lililogusa hapo lioshwe kabla ya kwenda tuta jingine. Hayo hayagharimu pesa, na kama kumbe ni kiu, hajapoteza kitu. Ndiyo maana nasema chagua hatua inayofaa pande zote mbili. Ningemwambia aongeze maji kwa kudhani ni kiu, ningemsaidia adui.

Glasi ikithibitisha bakteria, mmea ung'olewe pamoja na udongo wa mizizi, ubebwe kwenye ndoo au mfuko, uchomwe au ufukiwe mbali na mfereji. Hakuna dawa ya kupulizia itakayouponya. Msimu ujao mahali hapo usirudishe nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo, kwa kuwa vyote hushikwa na ugonjwa huu. Panda mahindi, na uwe tayari kusubiri zaidi ya msimu mmoja, kwani bakteria hukaa udongoni muda mrefu.

Tazama sasa: swali moja, kipimo kimoja, na hatua moja ya leo. Yote yanaingia katika ujumbe mfupi. Mama angepoteza mimea michache badala ya mstari.

Sisemi usiulize kabisa. Wewe mwenye duka unajua mteja anayetaka chupa anakasirika ukimuuliza, na ukimjibu upesi anafurahi na anarudi. Lakini furaha hiyo ni ya siku mbili. Mama yule hajarudi tena kwenye duka lile. Swali moja la majani lingekugharimu nusu dakika, na kama ungemwambia "mama, usinunue dawa hii kwanza, fanya kipimo cha glasi," ungekuwa na mteja wa miaka.

Yapo pia mahali ambapo kubahatisha ni haramu, na hapo mkulima akasirike tu. Mtu akikutumia picha ya lebo ya dawa yenye maandishi yasiyosomeka, anauliza aweke kiasi gani kwa pampu moja, usikisie. Tarakimu moja ikisomwa vibaya, anaunguza mazao au anakula sumu. Ni hivyohivyo kwa idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Mwambie akusomee lebo kwa sauti, au aje na chupa. Usikisie pia pale ushauri unapokuwa wa kung'oa shamba zima. Na mtu au mnyama akiwa amegusa au kumeza sumu, usianze kuchambua picha. Aende hospitali, au mfugaji amwite mtaalamu wa mifugo, na chupa ya dawa waichukue. Kwa hiyo kabla ya kujibu jiulize: nikikosea hapa, kosa linarekebishika? Kama linarekebishika kesho, jibu huku ukisema wazi kwamba hujawa na uhakika. Kama halirekebishiki, uliza mpaka uone.

Na ukiuliza, eleza sababu. "Nitumie picha nyingine" ni amri. "Nitumie picha ya shina likiwa ndani ya glasi ya maji, maana uzi mweupe ndio utakaoniambia kama ni bakteria au ukungu" ni msaada. Mkulima akijua unatafuta nini, ataipiga picha vizuri zaidi, na mara nyingine ataliona jibu mwenyewe kabla hajaituma.

Wewe unayetuma picha, tusaidie kidogo. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa, simama jua likiwa mgongoni mwako, piga mmea mzima pamoja na jirani zake, kisha sehemu yenye shida kwa karibu. Andika sentensi moja: imeanza lini, na ni mmea mmoja au mingi. Hiyo sentensi moja ingetosha kunizuia na maswali yangu manane.

Siku hizi, picha ya nyanya iliyolala ikiingia kwenye simu yangu, ujumbe wangu wa kwanza ni huu: "Pole. Naona mmoja umelala na wengine wamesimama, naegemea mnyauko kuliko kiu. Usipige dawa kwanza, zuia maji yasipite hapo. Niambie, majani bado ni ya kijani au yameanza njano?" Wengi hujibu kabla hawajatoka shambani.