Hiyo 1x3 ya Kemisti Ndiyo Inafanya Uache Dawa za Damu

Leo nina ubishi na ile bahasha ndogo ya kaki. Unaijua. Umeenda kemisti, umesema unaskia kisunzi na ukipanda ngazi mpaka gorofa ya tatu moyo unadunda kama umetoka mbio za Ngong. Umeonyesha karatasi ya maabara, hemoglobini iko chini. Unapewa tembe za kuongeza damu, na juu ya bahasha mtu anaandika kwa biro: 1x3. Asubuhi, mchana, usiku. Mwezi mzima, tembe tisini. Hakuna mtu amekuambia umeze na nini, hakuna mtu amekuambia urudi lini.

Nasema hivi, na mnitukane kwa komenti kama mnataka: kwa wengi wetu hiyo 1x3 haiongezi damu, inaongeza tu watu wanaoacha dawa. Wakishaacha, wanaangukia mikononi mwa wale wasee wa TikTok wa juisi ya bitruti.

Binamu yangu ana miaka 20, anasuka nywele saluni. Mara ya kwanza hemoglobini yake ilikuwa 8.9. Kwa mwanamke ambaye hana mimba, chini ya 12 tayari ni upungufu wa damu, kwa hivyo 8.9 si mchezo. Akapewa ferasi salfeti ya miligramu 200, 1x3. Siku ya tatu kichefuchefu. Siku ya tano choo kimekuwa kigumu, tena cheusi kama makaa, akaogopa kwamba anatoka damu ndani. Siku ya nane akatupa pakiti juu ya kabati. Miezi miwili baadaye alipima tena: 8.7.

Watu wakasema ni uvivu. Si uvivu. Angalia kinachofanyika tumboni.

Tembe ya ferasi salfeti ya miligramu 200 ina kama miligramu 65 za madini ya chuma yenyewe. Zingine zote ni chumvi yake. Sasa ukimeza hizo 65, ini linagundua kwamba chuma kimeingia na linatoa homoni inaitwa hepsidini. Hepsidini ni kama askari wa geti wa ploti: mgeni mmoja akishaingia, anafunga. Geti lenyewe liko kwenye seli za utumbo, pale chuma hupitia kuingia kwenye damu. Na huyu askari hafungui baada ya saa nane. Baada ya dozi kubwa kama hiyo hepsidini hubaki juu kama siku nzima, inashuka vizuri ukikaribia saa 48.

Kwa hivyo tembe ya saa saba mchana inakuta geti limefungwa. Ya saa mbili usiku pia. Zinaingia kidogo tu, na chuma kingine chote kinabaki ndani ya utumbo kikikuharibia siku. Hicho ndicho kichefuchefu, hicho ndicho choo kigumu. Weusi wa choo nao ni chuma ambacho hakikuingia, na hauna shida. (Choo cheusi kinachonata kama lami na kunuka vibaya ni hadithi nyingine, hicho kimbia nacho hospitali.)

Hii haikutoka kwa kichwa changu. Mwaka wa 2017 watafiti wa Zurich walichapisha utafiti kwa wanawake vijana wenye akiba ndogo ya chuma. Waliomeza kila siku walifyonza kama asilimia 16 ya kila tembe. Waliomeza siku moja na kuruka moja walifyonza kama asilimia 22. Na walipogawanya dozi ile ile mara mbili kwa siku badala ya kumeza mara moja, hawakupata faida yoyote ya maana.

Sasa nigeukie upande wangu, juu kuna wenzangu wa kutengeneza video ambao wameskia hiyo "ruka siku" wakaigeuza uchawi. Soma vizuri. Katika ule utafiti kila kundi lilimeza tembe 14. La kila siku lilimaliza kwa siku 14, la kuruka kwa siku 28. Kuruka siku kunafanya kila tembe ilete zaidi, lakini ndani ya mwezi mmoja umemeza nusu ya tembe. Mwenye anameza moja kila siku bila kuruka, na tumbo lake limekubali, anaweza kupanda haraka kukuliko. Msimamo wangu ni huu: moja kwa siku ukiiweza, na tumbo likigoma, moja siku ruka siku. Mwenye mimba asiniskize mimi, afuate kliniki, huko ni tembe ya kila siku na ina sababu. Na mwenye hemoglobini ya chini sana, anahema akiwa amekaa, huyo ni wa hospitali leo, si wa kusoma posti.

Twende kwa chai. Naongea na Wakenya, najua nitapoteza wafuasi hapa.

Binamu yangu alikuwa anameza tembe ya asubuhi na kikombe cha chai ya maziwa iliyochemka mpaka ikawa rangi ya matofali, na mandazi mawili. Chai ina tanini, ambazo hushikana na chuma tumboni kikawa kitu ambacho utumbo hauwezi kufyonza. Maziwa yanaongeza kalsiamu, ambayo nayo inazuia. Kahawa ni ndugu yake. Mwaka wa 2023 Zurich tena walipima tembe ya miligramu 100 za chuma kwa wanawake wenye upungufu. Waliomeza na kahawa walifyonza pungufu kwa asilimia 54. Waliomeza na kahawa pamoja na kiamshakinywa, asilimia 66. Na kile kiamshakinywa kilikuwa na juisi ya machungwa! Kwa hivyo usiniambie eti utakunywa chai halafu ufute dhambi na chungwa.

Hiyo inatuleta kwa vitamini C. Kuna kemisti hawatakuachilia utoke bila kukuuzia chupa yake pamoja na tembe za damu. Ukweli ni kwamba vitamini C inasaidia ufyonzaji. Katika utafiti huo huo miligramu 80 ziliongeza ufyonzaji kama asilimia 30, na 500 hazikuongeza kitu zaidi ya hapo. Miligramu 80 ni chungwa moja kubwa, au pera moja la kutoka shamba na chenji inabaki. Lakini je, damu yenyewe inapanda zaidi? Huko China walichukua watu wazima 440 wenye upungufu, nusu wakapewa chuma peke yake, nusu chuma na vitamini C. Baada ya wiki mbili tofauti kati yao ilikuwa ndogo kiasi kwamba hakuna sababu ya kuilipia. (Ndio, hao walikuwa wanameza mara tatu kwa siku na walipanda. Sijasema 1x3 haiwezi kufanya kazi kwa mtu anayefuatiliwa na daktari. Nasema wewe utaitupa siku ya nane.) Chungwa kula ukiwa nalo. Pesa ya chupa nunua tembe za mwezi unaofuata.

Na bitruti? Gramu 100 zina chini ya miligramu moja ya chuma. Kupata chuma cha tembe moja ungetafuna kilo nane. Ile rangi nyekundu ni rangi tu, haina uhusiano wowote na damu.

Mara ya pili binamu yangu alienda kliniki nyingine, akapata daktari ambaye alikaa chini na kumuuliza maswali. Swali la kwanza lilikuwa hedhi yake. Akasema siku saba, na siku mbili za kwanza anabadilisha pedi karibu kila saa. Yeye alidhani kila mtu yuko hivyo. Hapo ndipo damu ilikuwa inaenda, na ilitibiwa pia, juu kujaza ndoo iliyotoboka ni kazi bure. Tembe zikawa moja, asubuhi moja ruka moja. Anaamka saa kumi na mbili, anameza na maji tumbo likiwa tupu, anaoga, anapanda matatu. Chai anakunywa saluni saa tatu. Siku ambayo tumbo lilisumbua alimeza na ndizi, akijua anapoteza kidogo, lakini hajaacha.

Sasa hesabu, na ni rahisi. Ana kilo 58, kwa hivyo damu yake ni kama lita 4, yaani desilita 40. Kupandisha hemoglobini kwa 1 kwenye ile karatasi ya maabara anahitaji gramu 40 mpya za hemoglobini, na kila gramu hubeba miligramu 3.4 za chuma. Jumla miligramu 136. Kwa wiki nne alimeza tembe 14, yaani miligramu 910. Tukisema mwili wake wenye njaa ulifyonza robo, ni kama 227. Toa kinachopotea kwa hedhi na kwa njia za kawaida, inabaki ya kupandisha kama 1.4. Siku ya 28 alipima: 10.1, kutoka 8.7. Niliruka kwa kiti.

Anayemeza kila siku anatarajiwa kupanda angalau 1 kwa wiki mbili na karibu 2 kwa wiki nne. Anayeruka siku anaweza kuchelewa kidogo. Lakini ukifika mwezi na namba imekaa pale pale, usiongeze tembe. Uliza. Unameza kweli? Na chai? Unakula odowa? Ule udongo hushika chuma, na hamu yake yenyewe mara nyingi ni dalili ya upungufu. Unatoka damu mahali, una minyoo ya safura, una vidonda vya tumbo? Jamaa wa kiume mwenye upungufu wa chuma hana hedhi ya kusingizia, lazima atafutiwe damu inatokea wapi. Na kuna watu damu yao iko chini kwa sababu ya selimundu au kitu kingine kabisa, hao hawafai kumeza chuma kwa kukisia.

Wiki ya nane alikuwa 11.5, wiki ya kumi na mbili 12.4. Hapo ndipo alitaka kuacha, na hapo ndipo wengi huacha. Hemoglobini ikirudi, akiba bado ni tupu, na mwili unahitaji kama miezi mitatu zaidi ya tembe ili kuijaza. Ukiacha sasa, hedhi mbili tatu nzito na uko tena kwa foleni ya maabara.

Zile tembe za kwanza za juu ya kabati tulizirudisha kwa kemisti. Mtoto wa dada yake ana miaka miwili na anapanda kila kitu, na tembe hizo zinafanana na peremende. Chache tu zinaweza kuua mtoto wa umri huo. Za sasa ziko kwa mkebe umefungwa, pakiti ya mwezi wa tano, na kikombe chake cha chai bado kinamngoja saluni saa tatu.