Nyavu Zimeshaoshwa

Leo nasema na wahubiri wenzangu, hasa ninyi mnaohubiri kwenye ibada za nyumbani.

Ukitaka kujua kama mahubiri ya Jumapili yalibaki, muulize mama mmoja siku ya Jumatano. Akikumbuka kisa na kusahau ujumbe, kisa chako kilikuwa pambo tu. Kisa cha kufungulia kinapaswa kuubeba ujumbe wenyewe, kama yai linavyobeba kifaranga.

Mtazame Nathani katika 2 Samweli 12. Kisa chake hakizidi aya nne. Hasemi kwamba maskini alimpenda sana mwana-kondoo wake. Anasema alikula chakula cha maskini, akanywa kikombeni mwake, akalala kifuani pake. Daudi akawaka hasira kabla hajajua kwamba kesi ni yake.

Sasa chukua Luka 5, na uko Mbita. Usianze na maana ya imani. Anza hivi: Mvuvi wa omena amerudi alfajiri. Taa zimewaka ziwani usiku kucha, lakini boti ni tupu. Mama aliyetandaza wavu wa kuanikia anamtazama, haulizi kitu. Mvuvi ameosha nyavu, anataka usingizi. Ndipo seremala anamwambia arudi kilindini, jua likiwaka.

Nyamaza kidogo hapo. Watu wa ufuoni wanajua kwamba ukishaosha nyavu, kazi imekwisha. Ujumbe wako ni utii mtu akiwa amechoka na hana tena sababu ya kujaribu, na tayari wameuona. (Petro hakuvua omena, waambie mapema, maana wavuvi watakusahihisha mlangoni.) Baadaye, ukifika kwenye ndoa iliyochoka au maombi yaliyokoma, sema tu, "Nyavu zimeshaoshwa." Maneno hayo mawili ndiyo watakayokwenda nayo nyumbani.

Kuna jambo linaloua visa vingi kwetu: mkalimani. Ukihubiri Kiswahili na mwenzako akitafsiri kwa Dholuo, kisa cha dakika mbili kinakuwa cha dakika nne. Ukikata sentensi katikati, utamu unamwagika. Msimulie kisa chote kabla ya ibada, kisha utoe sentensi fupi zilizokamilika. Na kisa kiwe kimoja. Ukisimulia vitatu, Jumatano watakutajia kile kilichowachekesha.

Mfano huo huo usiubebe hadi Macalder kwa wachimba dhahabu. Kule una Mathayo 13:44, mtu aliyeona hazina akaificha, akauza vyote anunue shamba. Mchimbaji hahitaji kuelezwa kwa nini aliificha. Anza na mtu anayefukia shimo harakaharaka, akitazama huku na huku, shamba likiwa bado si lake.