Ndugu hawagombani hivyo dukani

Mhariri,

Katika hadithi mliyochapa toleo lililopita, dada anamwambia kaka yake wakiwa dukani: "Nina uchungu kwa kuwa uliniachia mzigo wa wazazi." Nani husema hivyo mbele ya wateja? Ndugu hugombana kwa bei ya sukari.

Mimi ningewaandika hivi. Kaka karudi kutoka mjini, anaigusa mizani yenye vumbi.

"Siku hizi mnapima kwa kikombe?"

"Iliharibika mwaka ule aliolazwa baba."

Mwandishi mwenye haraka angemwongezea dada "nawe hukuja". Asimwongezee, msomaji ameshaelewa.

Anaingia mteja. Dada anamchotea unga huku wakitaniana, kicheko ambacho kaka hajakisikia tangu afike. Kaka anafungua daftari la madeni, anakutana na jina lake.

"Hili nalo bado lipo?"

"Baba alinikataza kulifuta. Mama, chenji yako hii hapa."

Basi, ugomvi umekwisha kuandikwa. Tafadhali, kabla ya kuchapa, futeni kila sentensi inayotaja wivu, hasira au uchungu. Hadithi ikishindwa kusimama bila hizo, mrudishieni mwenyewe.

Msomaji wenu,
Tanga