Kilo moja, mafungu matatu

Makala nzuri, ila hapo pa "tia nyama yote ukaange" ndipo wengi tunapoharibu mchuzi. Kilo nzima ya nyama ya ng'ombe ikiingia kwa pamoja, sufuria inapoa. Vipande vinatoa maji, na kwa kuwa vimebanana, mvuke hauna pa kupita. Maadamu kuna maji chini, joto halipandi sana zaidi ya nyuzi 100, na rangi ya kahawia inataka kama 140. Basi nyama inajichemsha tu, inakuwa ya kijivu. Sikilizeni: mlio wa kukaanga ukigeuka wa kutokota, mmeshajaza mno.

Mimi kilo hiyo naigawa mafungu matatu. Naikausha kwa kitambaa safi, napasha mafuta kwenye sufuria nzito, napanga vipande vikiachana upana wa kidole. Sivigusi mpaka viachie vyenyewe, dakika tatu hivi kila upande. Kabla ya fungu jingine naacha sufuria ipate moto tena. Na ule ukoko wa kahawia chini msiuoshe jamani! Tieni vitunguu na nyanya, mkwangue kwa mwiko, ndio utamu wenyewe. Ukiwa mweusi tu ndio mwoshe, maana huo utatia uchungu.