Imeili Si Barua kwa Shosho

Wasee, wacha niwaambie vile salamu zangu tamu zilinikalisha wiki tatu bila doo.

Kuna kampuni nilikuwa nimeitengenezea video mbili. Tulikubaliana Sh18,000, nilipwe siku 30 baada ya kutuma invoisi. Niliituma tarehe 31 Mei. Juni ikaisha, kimya. Landilodi naye hakuwa kimya. Nikamwandikia mhasibu wao imeili. Niliandika kwa Kizungu, lakini ukiiweka kwa Kiswahili aya ya kwanza ilikuwa hivi:

"Habari za asubuhi. Natumai imeili hii inakukuta salama wewe na familia yako. Mimi ni kijana wa miaka 22, nimekuwa nikitengeneza video tangu nilipoacha chuo. Kwanza nashukuru sana kwa nafasi mliyonipa mwezi wa tano, timu yenu ni poa na nilijifunza mengi. Najua uko na kazi nyingi na samahani kwa kukusumbua, lakini nilikuwa tu nataka kuulizia kama pengine kuna habari yoyote kuhusu ile invoisi."

Wiki tatu, hakuna jibu. Nikapiga simu. Madam akaniambia, bila ubaya wowote, "Niliiona kwa simu, nikadhani unashukuru tu. Kwani ni invoisi gani?"

Nilikasirika, halafu nikaisoma tena. Alikuwa sawa. Kwenye simu unaona kichwa cha imeili na maneno machache ya mwanzo. Yeye aliona habari za asubuhi na familia. Neno invoisi lilikuwa limejificha mwisho kabisa, bila namba, bila kiasi, bila tarehe. Na hata hapo sikuomba kulipwa. Nilikuwa "nataka kuulizia kama pengine kuna habari". Hilo swali unalijibu na neno moja, "bado", na umemaliza.

Maoni yangu ni haya: shida yetu si Kizungu, ni kuchanganya barua. Shuleni tulifunzwa mbili. Ya kirafiki ilianza na buheri wa afya. Ile rasmi, ukishasema "Kwa Bwana au Bibi", ulipiga KUH: na kusema jambo lako. Sasa tumekua, tunaandikia maofisi, lakini tunaanza kama tunamwandikia shosho kule ushago.

Hivi ndivyo niliirekebisha. Kwanza nilitafuta sentensi moja iliyobeba ombi. Kwa wengi wetu inakaa mwisho wa aya, baada ya neno "lakini". Nikaivuta juu. Pili, nikatoa "nilikuwa tu nataka" na "pengine", nikaweka kitenzi chenyewe: naomba mnilipe. Tatu, nikaipa vitu ambavyo mhasibu anahitaji ili aitafute: namba, kiasi, tarehe. Kila kilichobaki nikakiuliza: wewe ukitoka, kuna kitu Madam atafanya tofauti? Umri wangu, chuo, timu poa, vyote vikaenda. Ikawa hivi:

"Kichwa: Ombi la malipo, invoisi 014, Sh18,000

Habari Madam,
Naomba mnilipe Sh18,000 za invoisi 014, iliyofaa kulipwa kufikia tarehe 30 Juni. Nimeiambatisha tena. Tafadhali nijulishe kufikia Ijumaa pesa zitatumwa lini."

Chungeni mtego mmoja. Wengi wakiambiwa waende moja kwa moja huandika, "Ninaandika kuhusu invoisi 014." Hapo umetaja mada, hujasema unachotaka. Unalalamika? Unaifuta? Unataka irekebishwe? Mpe rafiki yako asome sentensi ya kwanza peke yake, kisha umuulize, "Huyu anataka nifanye nini?" Akisitasita, bado hujafika.

Najua kuna mtu atasema huko ni kukosa adabu. Lakini angalia vizuri: "Habari Madam" iko, "naomba" iko, "tafadhali" iko. Kilichotoka ni kuzunguka. Na kama mtu amefiwa, au unaomba msamaha kwa kosa lako, hiyo ni stori tofauti. Hapo pole ndiyo shughuli yenyewe, kwa hivyo ianze.

Madam alijibu baada ya saa moja. Kumbe invoisi yangu haikuwa na PIN ya KRA, na bila hiyo hangeweza kuipitisha. Hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Kosa lilikuwa langu, dogo, la kurekebisha kwa dakika mbili, na lilikaa wiki tatu chini ya salamu kwa sababu hakuna aliyefika mahali pa kuliona.

Nilituma PIN siku hiyo hiyo. Pesa ziliingia Alhamisi iliyofuata. Shukrani za timu poa nilizituma baadaye, kwa imeili yake yenyewe.