Je, ile programu inaiona kweli orodha yako ya bei?

Wenye maduka huku Amani wameanza kuacha kukesha wakinakili kaunta buku. Mtu anapiga picha ukurasa, anaituma kwenye programu ya kuchati ya akili mnemba, na baada ya muda mfupi anarudishiwa orodha safi ya kupeleka steshenari Muheza ikachapwe. Kazi inapungua, sikatai. Ninachokataa ni kubandika karatasi hiyo ukutani kabla ya kuikagua, hasa ikiwa ni bei ya kununulia mazao ya mkulima. Habari ya mama mmoja mwenye duka itakuonyesha sababu.

Mama huyu anauza sukari, chumvi, sabuni na mafuta, na pembeni ya kaunta ana mizani ya kununulia viungo. Ukurasa wake ulikuwa na mistari 40. Mistari ya chini ilikuwa bei zake za kununulia kwa kilo, alivyozipanga siku ile: iliki kavu 27,500, karafuu kavu 18,000, makonyo 1,500, pilipili manga 6,800 na mdalasini 4,200. Alipiga picha jioni, ukungu umeshuka, taa ya dukani hafifu. Orodha iliyorudi ilikuwa nzuri kuliko ya kwake: safu zimenyooka, hakuna herufi iliyokosewa. Sukari ilikuwa sawa, sabuni sawa. Lakini iliki ilikuwa 21,500. Pilipili manga ilikuwa 8,000. Na makonyo yamegeuka makopo.

"Bwana shamba," akaniuliza, "hiki kitu kinaiona karatasi yangu kweli, au kinanitungia tu?"

Ni swali zuri, na jibu lake ni kwamba inafanya yote mawili, na haikuambii ni wapi imeona na ni wapi imetunga.

Ielewe kwanza njia picha inayopita. Picha ya simu imeundwa kwa nukta ndogo ndogo, na simu nyingi hupiga picha yenye nukta kama 4,000 kwa urefu na 3,000 kwa upana. Programu nyingi za aina hii huipunguza kwanza. Kisha picha hukatwa vipande vidogo vya mraba. Katika muundo mmoja maarufu uliochapishwa na watafiti wa Google mwaka 2020, kila kipande ni nukta 16 kwa 16. Kila kipande hugeuzwa kuwa safu ya namba. Baada ya hapo programu inaandika jibu lake kidogo kidogo, ikichagua kila mara kinachoelekea kufuata, kwa kutazama namba zile za picha pamoja na mazoea iliyoyapata katika maandishi mengi iliyofunzwa nayo.

Hapo ndipo shida ilipo. Wino ukiwa wazi, picha ndiyo inayoongoza. Wino ukififia, mazoea yanashika usukani. Makonyo, vile vikonyo vya karafuu, ni neno la watu wa karafuu, halipatikani kwa wingi katika maandishi. Makopo yapo kila mahali. Mwandiko wa mama huyu unaunganisha n na y hadi zinafanana na p, basi neno lililozoeleka likashinda. Pilipili manga nayo ilikuwa na tone la mafuta juu ya tarakimu. Binadamu angesema, "Hapa pamechafuka, sioni." Programu iliweka 8,000, namba inayoweza kabisa kuwa bei ya pilipili manga. Na iliki? Mama huandika 7 bila mstari katikati, ikakaa kama 1.

Utaona kwamba kosa la namna hii halifanani na kosa. Mashine za zamani za kusoma maandishi zilipokosea mara nyingi zilitoa takataka, alama ya mshangao katikati ya neno, na ukajua mara moja. Hizi hukosea kwa unadhifu. Hiyo 21,500 imeandikwa kwa heshima ileile ya 18,000 iliyo sahihi.

Sasa mpigie hesabu mkulima. Amekuja na kilo 8 za iliki kavu, ametembea nazo kutoka bondeni. Kwa bei ya daftari anastahili 220,000. Kwa bei ya karatasi ya ukutani anapewa 172,000. Shilingi 48,000 zimepotea, na wala hakuna aliyekusudia kumwibia. Ubaya ni kwamba karatasi iliyochapwa haibishaniwi. Daftari la mkono mtu atalibishia, atasema hebu nione. Karatasi ya steshenari anaisoma na kunyamaza.

Wengine, wakiingiwa na shaka, huiuliza programu yenyewe kama kweli imeiona picha. Usiutegemee huo ushahidi. "Ndiyo, nimeiona" ni maneno yanayotungwa kwa njia ileile iliyotunga 8,000. Jaribu kwa karatasi.

Mama yule alijaribu hivi, na nawe unaweza. Alinakili mistari kumi kwenye karatasi nyingine, akaandika bei moja ya ajabu makusudi: chumvi pakiti 7,350. Hakuna duka linalouza hivyo, kwa hiyo programu inayotunga kwa mazoea ingeweka mia kadhaa tu. Ikarudisha 7,350. Basi inaona, hilo likathibitika. Kisha akafunika bei ya sabuni kwa sarafu na kupiga picha tena. Mstari ule ukarudi bila bei, vizuri kabisa. Halafu, na hili ndilo jaribio muhimu, akaisugua bei moja kwa kidole chenye mafuta hadi ikabaki kivuli. Hapo ikarudi bei kamili, isiyo yake. Umeona tofauti? Kilichofunikwa kabisa kiliachwa wazi, kilichofifia kikajazwa. Programu yako inaweza kuwa tofauti na ya kwake, kwa hiyo fanya jaribio kwa ile unayoitumia wewe. Dakika kumi na kijibando kidogo vinatosha.

Ukishajua kwamba hatari ni wino hafifu, dawa ya kwanza ni ukubwa wa mwandiko ndani ya picha. Chukua mistari 40 katika picha yenye urefu wa nukta 4,000: kila mstari una nukta 100. Programu ikiipunguza hadi 1,500, kila mstari unabaki na nukta 37 hivi, ikiwemo nafasi kati ya mistari. Na kama umepiga ukiwa mbali, kaunta na mizani vikajaza nusu ya picha, unabaki na 18. Katika nukta 18, 7 na 1 ni ndugu. Piga nusu ukurasa kwa nusu ukurasa, karatasi ijaze kioo cha simu. Mistari 20 inapata nukta 75 kila mmoja. Piga mchana, mlangoni, bila kivuli cha mkono wako. Na kama kijana wa mjini ndiye anayekufanyia kazi hiyo, usimtumie picha kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, kwa sababu hubanwa njiani kabla haijamfikia. Itume kama Document.

Dawa ya pili ni mwandiko. Weka mstari katikati ya 7. Acha ile "/=" tunayopenda kuifungia bei, maana mkwaju ukikaa karibu na sifuri unaweza kusomwa 1, na 3,200 ikawa 32,001. Usiandike 27.5 ukimaanisha elfu ishirini na saba na nusu. Wewe unajua, karatasi haijui. Alama mbili za "kama hapo juu" nazo ziache, andika neno lenyewe.

Dawa ya tatu ndiyo ninayoitegemea kuliko zote, na haina uhusiano wowote na akili mnemba. Jumlisha bei zako zote kwa kikokotoo cha simu kabla ya kupiga picha. Jumla hiyo iandike nyuma ya karatasi, isionekane pichani. Orodha ikirudi, jumlisha namba zake kwa kikokotoo kilekile, wewe mwenyewe, usiiachie programu ikujumlishie.

Kwa mama yule, bei tano za viungo katika daftari zina jumla ya 58,000. Orodha iliyorudi ina jumla ya 53,200. Pengo ni 4,800, kwa hiyo ajue kuna kosa na alitafute. Angalia lakini: iliki ilipungua 6,000 na pilipili manga ikazidi 1,200, makosa mawili yakavutana na pengo likaonekana dogo kuliko lilivyo. Siku nyingine yanaweza kufutana kabisa. Ndiyo maana kwa bei za kununulia mazao, ambazo huwa tano au sita tu, sikushauri uishie kwenye jumla. Mtu mmoja asome daftari kwa sauti, mwingine afuate karatasi kwa kidole. Mtoto wa darasa la tano anaiweza. Kwa mistari mingine 35 ya dukani, jumla inatosha, kwani sukari ikikosewa mteja wa kwanza atapiga kelele.

Jumla haikamati majina, hata hivyo. Makopo yangepita, kwa sababu bei yake 1,500 ilikuwa sahihi. Majina ya kwetu yatazame kwa jicho.

Neno moja nje ya mada: kaunta buku nyingi zina bei upande mmoja na madeni upande wa pili, majina ya watu na wanachodaiwa. Funika upande huo kabla ya kupiga. Deni la jirani si la kutumwa kwenye programu ya kampuni ya mbali, na tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kwako mkulima unayeleta mzigo: ukikuta bei iliyochapwa imeshuka ghafla kwa elfu kadhaa, au kuna jina lisiloeleweka, omba kuona daftari lililoandikwa kwa mkono. Mwombe kwa upole, "Mama, nionyeshe na ile ya kalamu." Yule mama sasa ameitundika ya kalamu kwenye msumari uleule, nyuma ya iliyochapwa, na bei za viungo anaziandika kwa mkono kila zinapobadilika. Zinabadilika mara nyingi mno kuzipeleka steshenari.